Pini Inasukuma Upande Gani?

Katika gereji nyingi za magari kuna mkono wa chuma uliotokeza ukutani, na kazi yake ni kuinua injini. Ni boriti ya chuma iliyolala, urefu wake mita mbili na ushee. Nyuma, upande wa ukuta, imeshikwa kwa pini moja nene iliyopita kwenye mabano, na mabano yamefungwa kwa bolti kwenye nguzo ya zege. Mbele imeshikiliwa na waya unaopanda kwa mshazari hadi kwenye bano jingine, juu zaidi kwenye nguzo hiyohiyo. Chini ya boriti kuna kitoroli cha magurudumu kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, na kwenye kitoroli inaning'inia cheni bloku. Fundi anavuta mnyororo, injini inapanda taratibu, gari linasukumwa nyuma, kazi imekwisha.

Injini ikiwa hewani, boriti inaguswa na nguvu tatu tu. Ya kwanza ni uzito wa injini, na mwelekeo wake haubishaniwi, kwani unaelekea chini kama timazi. Ya pili ni mvuto wa waya, nao haufichi kitu: waya hauwezi kusukuma wala kupinda, unavuta tu kwa kufuata urefu wake. Ya tatu ni nguvu ya pini, na hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu pini ni kipande cha chuma cha duara. Boriti inaweza kuiegemea kutoka juu, chini, mbele au nyuma, na kwa kuitazama tu huwezi kusema inaegemewa wapi.

Waulize mafundi wawili utapata majibu mawili. Mmoja atasema pini inabeba, kwa hiyo inasukuma boriti juu, wima. Mwingine atasema waya unaivuta boriti kuelekea ukutani, kwa hiyo pini inaisukuma nje kwa kufuata urefu wa boriti, mlalo kabisa. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kwa injini iliyoning'inia mahali ambapo huning'inia siku nyingi, wote wawili wamekosea. Jibu sahihi linapatikana kwa rula na penseli kabla hujapiga hesabu hata moja.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kitu kigumu kikitulia chini ya nguvu tatu zilizo katika bapa moja, na nguvu hizo hazilingani sambamba, basi mistari ya nguvu hizo tatu lazima ikutane kwenye nukta moja. Mstari wa nguvu ni ule unaopita pale nguvu inapogusa na kufuata mwelekeo wake, ukirefushwa pande zote mbili kadiri unavyotaka. Nukta ya makutano si lazima iwe ndani ya chuma. Mara nyingi huwa hewani, mahali ambapo hakuna kitu cha kushika.

Sababu yake inaeleweka bila shida. Ili kitu kitulie, nguvu zote zikijumlishwa lazima zifutane. Hilo kila mtu analikubali. Lakini hilo halitoshi, kwa sababu nguvu zinaweza kufutana kwa jumla na bado zikakizungusha kitu, kama unavyozungusha usukani kwa mikono miwili inayovuta pande tofauti. Kwa hiyo kuna sharti la pili: kusiwe na mzunguko kuhusu nukta yoyote ile utakayoichagua. Sasa chagua nukta ambapo mistari miwili inakutana, tuseme wa uzito na wa waya. Nguvu hizo mbili hazina uwezo wa kuzungusha kitu kuhusu nukta hiyo, kwa kuwa zote zinapita katikati yake. Imebaki ya tatu peke yake. Kama mstari wake unapita kando ya nukta hiyo, hata kwa sentimita moja, utakizungusha kitu na hakuna wa kuuzuia. Boriti imetulia, basi mstari wa tatu nao unapita hapohapo.

Asiyeamini anaweza kulijaribu jambo hili mezani. Kata kipande cha boksi, kitoboe matundu matatu mahali popote, funga uzi kwenye kila tundu, kisha kilaze juu ya gazeti kwenye meza laini. Watu watatu wavute, kila mmoja upande wake, kwa nguvu anayoitaka. Boksi litazunguka kidogo na kuyumba, kisha litulie lenyewe. Kabla hamjaachia, weka alama kwenye gazeti kila uzi ulipopita. Ondoa boksi, refusha mistari kwa rula. Itakutana mahali pamoja, ikipishana kwa unene wa penseli au zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano wa meza. Mmoja akibadili upande anaovutia, boksi litajizungusha tena mpaka mistari ipate makutano mapya.

Turudi kwenye mkono wetu na tuupe vipimo. Pini tuiite A. Waya umefungwa kwenye boriti mita 2.0 kutoka kwenye pini, na bano lake la juu, tuliite C, liko mita 1.5 wima juu ya pini. Injini pamoja na giaboksi yake ina kilo 200, na kitoroli kimesimama mita 1.5 kutoka kwenye pini. Kilo moja huvutwa na dunia kwa takriban nyutoni 10, kwa hiyo uzito ni nyutoni 2,000. Uzito wa boriti yenyewe tuuache kwanza; tutaurudia.

Chukua karatasi ya grafu, uilaze kwa upana, na utumie skeli ya sentimita 10 kwa kila mita. Chora boriti: sentimita 20 kutoka A hadi pale waya ulipofungwa. Chora C sentimita 15 juu ya A, kisha uunganishe waya. Sasa chora mstari wa uzito: pima sentimita 15 kutoka A kwenye boriti, na upande wima kabisa. Wengi huuchora mstari huu ukishuka tu kwa sababu injini iko chini. Lakini mstari wa nguvu hauna mwisho, kwa hiyo upandishe juu ya boriti mpaka ukate waya. Utaukata sentimita 3.75 juu ya boriti. Hiyo ndiyo nukta ya makutano, tuiite O.

Kazi iliyobaki ni kuunganisha A na O. Pini iliyopakwa grisi haiwezi kuizuia boriti isizunguke. Inachoweza ni kuisukuma, na msukumo huo unapita katikati ya pini. Hivyo nukta moja ya mstari wa tatu tunayo tayari, ambayo ni A, na kanuni imetupa ya pili. Mstari AO unapanda sentimita 3.75 kwa kila sentimita 15 za kwenda mbele, yaani robo. Kwa kipimapembe ni nyuzi 14 juu ya mlalo. Nguvu ya pini haiko wima, wala haifuati boriti. Inaisukuma boriti nje, mbali na ukuta, na kuinyanyua kidogo.

Hadi hapa hatujajua ukubwa wa nguvu yoyote isipokuwa uzito, lakini mwelekeo wa zote tatu umejulikana. Mimi ndiyo maana hupenda mchoro kuliko hesabu za momenti, angalau kwa kuanzia. Hesabu inakupa tarakimu mbili za pini, ya mlalo na ya wima, na ukikosea alama ya kutoa hakuna kinachokushtua. Mchoro unakuonyesha pini inasukuma wapi, na kosa la wazi unaliona kwa macho.

Ukubwa unapatikana kwa mchoro wa pili, pembetatu ya nguvu. Nguvu tatu zinazofutana, ukizichora zikifuatana, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine, hurudi pale zilipoanzia. Tumia skeli ya sentimita 1 kwa nyutoni 200. Anza na uzito: sentimita 10 kwenda chini, kutoka P hadi Q. Kutoka Q chora mstari sambamba na waya, ukipanda kuelekea upande wa ukuta. Kutoka P chora mstari sambamba na AO, ukirudi upande huohuo wa ukuta. Mistari hiyo miwili itakatana. Hapo ni S. Pima QS utapata sentimita 12.5, yaani waya unavuta kwa nyutoni 2,500. Pima SP utapata sentimita 10.3, yaani pini inasukuma kwa takriban nyutoni 2,060. Mshale wa pini unatoka S kwenda P ili duara la mishale litimie, na ukiutazama unaelekea nje ya ukuta na juu kidogo, kama tulivyotarajia.

Kwa kujiridhisha, piga momenti kuhusu A. Uzito wa nyutoni 2,000 ukizidishwa kwa mita 1.5 unatoa 3,000. Umbali wa pembe mraba kutoka A hadi kwenye waya ni mita 1.2, na 3,000 ukigawa kwa 1.2 unapata 2,500. Mchoro na hesabu zimekubaliana. Hata kama mkono ulitetemeka ukaiweka nukta O milimita moja juu ya mahali pake, sehemu ya wima ya nguvu ya pini itabadilika kwa nyutoni 10 hivi, sawa na kilo moja. Kwa kazi ya gereji hilo si kosa la kukosesha mtu usingizi.

Njia hii ya kuchora ina umri mkubwa. Mwaka 1586 Simon Stevin, mhandisi na mwanahisabati wa Uholanzi mzaliwa wa Bruges, alichapisha kitabu cha elimu ya mizani ambamo alionyesha jinsi nguvu tatu zinazoshikana zinavyofuata pande za pembetatu. Karne ya 19 Karl Culmann, aliyefundisha uhandisi Zurich, aliikuza michoro ya namna hii hadi ikawa somo kamili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1866. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Maurice Koechlin, yule mhandisi aliyechora wazo la kwanza la mnara wa Eiffel wa Paris pamoja na mwenzake Émile Nouguier. Chuma cha mnara ule, uliofunguliwa mwaka 1889, kilipimwa nguvu zake kwa michoro ya ukoo huu.

Sasa sogeza kitoroli. Hapa mchoro unaanza kusema mambo ambayo hesabu ya mara moja haiyasemi. Waya haukusogea, kwa hiyo nukta O daima iko mahali fulani juu ya mstari wa waya; kitoroli kikienda, O inateleza juu ya mstari huo. Kitoroli kikiwa mita 1.0 kutoka kwenye pini, O iko mita 0.75 juu ya boriti na mstari wa pini umeinuka nyuzi 37. Kikirudi hadi nusu mita, O imepanda karibu na bano la juu, na pini inasukuma kwa nyuzi 66, karibu wima. Hapo yule fundi wa kwanza, aliyesema pini inabeba kwenda juu, anakaribia kuwa sahihi: kati ya nyutoni 2,000 za injini, pini inabeba 1,500 wima na waya 500 tu.

Kikienda mbele, mstari wa pini unalala. Kitoroli kikifika mita 2.0, chini kabisa ya kifungo cha waya, O imeshuka hadi juu ya boriti yenyewe na mstari AO umelala juu ya boriti. Hapo tu ndipo fundi wa pili anapopata haki yake: pini inasukuma kwa kufuata urefu wa boriti, kwa nyutoni 2,667, bila kubeba hata kilo moja wima. Vitabu vingi vya shule huweka mzigo nchani, palepale waya ulipofungwa. Ndiyo sababu watu wengi wanaamini kwamba boriti ya winchi husukumwa kwa urefu wake siku zote. Ni kweli kwa chuma kinachoguswa ncha mbili tu. Mzigo ukiingia katikati, imani hiyo haina msingi tena.

Kuna ushahidi wa mkono ambao fundi yeyote anaweza kuutazama. Mkono uliofanya kazi miaka mingi ukifunguliwa, pini haikuti imechakaa sawasawa kuizunguka. Ina sehemu moja iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na ukiipitisha kucha utahisi kibonde. Sehemu hiyo haiko chini ya pini, wala upande wa ukuta. Iko upande wa mbele, ule unaotazama ncha ya boriti, ikiwa imeinuka kidogo kuelekea juu. Boriti inasukumwa na waya kuelekea ukutani, kwa hiyo ukingo wa mbele wa tundu lake ndio unaobana pini, na alama inakaa pale mstari kutoka katikati ya pini kwenda O unapotokea kwenye ngozi ya pini. Kama mkono unabeba mizigo kati ya mita moja na mita moja na nusu, tafuta alama kati ya nyuzi 14 na 37 juu ya mlalo. Tundu la boriti nalo limerefuka upande huohuo. Ukikuta mkwaruzo uko mahali pengine kabisa, kwa mfano ubavuni au umeizunguka pini nzima, kuna nguvu nyingine ambayo mchoro wako haukuihesabu: labda boriti imepinda, au mizigo imekuwa ikivutwa kando.

Mchoro una jambo pia la kusema kuhusu bolti. Injini ikiwa mita 1.5, waya unalivuta bano la juu kwa nyutoni 2,000 kutoka ukutani na 1,500 kwenda chini. Pini nayo inalisukuma bano la chini kwa nyutoni 2,000 kuelekea ukutani na 500 kwenda chini. Ya mlalo ni sawa, zinafutana. Lakini kwa bolti si sawa hata kidogo. Bano la chini linabanwa kwenye zege, na bolti zake zina kazi ndogo. Bano la juu linang'olewa. Fundi anayeweka bolti nene kwenye pini kwa sababu ndipo mkono uliposhikwa, kisha akaweka nyembamba juu kwa sababu ni waya tu, ameigeuza kazi juu chini. Ukiona vumbi la zege au ufa mwembamba kuzunguka bolti za bano la juu, teremsha mzigo kwanza, maswali baadaye.

Tulisema uzito wa boriti tutaurudia. Boriti ya mita 2.4 yenye kilo 40 ni nguvu ya nne, nayo inashuka mita 1.2 kutoka kwenye pini. Kanuni inazungumzia nguvu tatu, na nne haziizingatii. Lakini uzito wa boriti na wa injini zote zinaelekea chini, kwa hiyo zinaunganika kuwa moja kabla ya kuchora: kilo 240, mahali pa kati panapopatikana kwa kuzidisha 200 kwa 1.5, kuongeza 40 mara 1.2, na kugawa kwa 240. Jibu ni mita 1.45. Chora mstari wa wima hapo badala ya 1.5 na uendelee kama mwanzo. O inapanda kidogo, hadi sentimita 41 juu ya boriti halisi, na mstari wa pini unafika nyuzi 16. Waya sasa unavuta nyutoni 2,900. Mwelekeo umebadilika kwa nyuzi mbili tu, lakini waya umeongezewa nyutoni 400, na hizo si za kupuuza.

Kuna hali ambazo mchoro huu unakataa. Waya ukishuka wima kutoka kwenye kenchi la paa, mstari wake na wa uzito ni sambamba, hazikutani kamwe. Hapo nguvu ya pini nayo huwa wima, sambamba na wenzake, na ukubwa unautafuta kwa momenti. Injini ikiwa mita 1.5 na waya mita 2.0, waya hubeba nyutoni 1,500 na pini 500. Waya ukiwa umeinama kidogo sana kutoka wima, makutano yapo lakini yako nje ya karatasi, na kosa dogo la rula linayarusha mbali. Achana na mchoro, piga hesabu.

Hali nyingine ni hatari zaidi kwa sababu haionekani. Kanuni ilituruhusu kusema kwamba nguvu ya pini inapita katikati ya pini kwa kuwa pini haiwezi kuzuia mzunguko. Ukiichomelea boriti kwenye bano, au ukaiacha pini ishikwe na kutu hadi isizunguke, ruhusa hiyo imefutika. Ukuta sasa unaweza kuipinda boriti pale inaposhikwa, na huo ni mpindo ambao haumo kwenye mchoro wa mistari mitatu. Nguvu inayotoka ukutani haina tena sababu ya kupita A, na unachoweza kujua kinategemea ugumu wa boriti, urefu wa waya na jinsi ulivyokazwa. Mara nyingi nyufa za mkono uliochomelewa huanzia kwenye mchomelewo wa nyuma, na mwenye gereji akashangaa kwa kuwa injini ilikuwa nyepesi. Grisi kwenye pini ni sehemu ya muundo.

Vilevile mnyororo ukivutwa mshazari. Mafundi wakiitoa injini kwa kuiburuta kuelekea nje huku imening'inia, mstari wa mzigo hauko kama timazi tena. Upande wake wa juu unaegemea ukuta, unaukata waya mahali pa juu zaidi, na mwelekeo wa pini unabadilika papo hapo. Chora mstari wa mnyororo kama ulivyo, si kama ulivyotakiwa kuwa.

Imebaki ncha ya boriti. Kitoroli kinatembea chini ya boriti, na kifungo cha waya kiko juu yake, kwa hiyo hakuna kinachokizuia kitoroli kupita chini ya kifungo na kwenda mbele zaidi. Kisimamishe mita 2.3 na uchore. Mstari wa wima wa injini haukuti waya juu ya boriti, kwa kuwa waya umeishia mita 2.0. Lakini mistari hurefushwa. Urefushe wa waya upite boriti ushuke chini, nao utaukata wa uzito sentimita 22.5 chini ya boriti halisi. O sasa iko chini, na mstari kutoka A kwenda O unainama. Pini inaisukuma boriti nje na chini.

Maana yake ni kwamba nyuma ya boriti inataka kuinuka. Bila kuhesabu uzito wa boriti, pini inaikandamiza kwa nyutoni 300; ukiuhesabu, boriti inajisaidia yenyewe na zinabaki 140, sawa na kilo 14. Waya wakati huo unavuta zaidi ya nyutoni 4,200. Kwa pini iliyopita kwenye mabano yenye matundu kamili, kilo 14 za kuinua si kitu. Tatizo liko kwenye mikono ya kujitengenezea, ambapo nyuma ya boriti imekalishwa tu kwenye bano lililo wazi juu, bila pini, kwa hoja kwamba mzigo unaikandamiza. Hadi mita 2.0 unaikandamiza kweli, na fundi ameushuhudia mara nyingi. Mbele ya hapo, kinachoishikilia boriti isiruke ni msuguano wake na ukuta, na msuguano wa chuma chenye grisi kinachotikiswa na mnyororo si wa kuamini. Weka pini, na uchomelee kizuizi cha kitoroli mita 1.9 kutoka kwayo, kabla ya kifungo cha waya.